Ushuhuda Mfupi wa Mteja Katika Ujumbe wa Kutafuta Kazi: Namna ya Kuutumia Bila Kutia Chumvi Wala Kujigamba

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu watu wanaoanza kutoa huduma ndogondogo huuliza maswali yaleyale: niyatumie vipi maneno mazuri aliyoniambia mteja wangu, niweke namba au nisiweke, na nifanyeje ili anayepokea ujumbe wangu asinione kuwa ninajipigia debe? Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ushauri wa jumla katika jambo hili humwacha msomaji palepale alipokuwa.

Mfano wenyewe ni wa kijana anayehesabu na kupanga stoku ya maduka ya dawa katika wilaya ya Temeke, jijini Dar es Salaam. Anahesabu kila kilichopo rafuni, anaandika tarehe za mwisho wa matumizi kwenye daftari, kisha anampa mwenye duka orodha ya boksi zinazopaswa kuuzwa kwanza kila wiki. Amemhudumia mwenye duka mmoja kwa miezi sita, kazi imekwenda vizuri, na sasa anataka kuwaandikia wenye maduka wengine.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na rekodi ya hali ilivyokuwa siku uliyoanza kazi, pamoja na rekodi ya hali ilivyo sasa, zikiwa zimeandikwa kwa tarehe. Uwe na maneno ya mteja kama alivyoyasema au kuyaandika mwenyewe. Uwe na ridhaa yake, ambayo tutaieleza katika hatua ya tatu, na uwe na orodha fupi ya watu unaotaka kuwaandikia, huku ukijua kwa kila mmoja sababu ya kumwandikia yeye. Kama huna rekodi ya mwanzo, usiikisie. Bado unaweza kuendelea, lakini utatumia maneno ya mteja pekee bila namba.

Hatua ya 1: Mwombe mteja maoni kwa swali linalojibika

Wengi humwandikia mteja: "Naomba ushuhuda wako kuhusu huduma yangu." Neno "ushuhuda" kwetu lina harufu ya ibada, na mtu akiombwa ushuhuda huanza kushuhudia kweli: ulimtoa mbali, umebadilisha maisha yake, Mungu akubariki. Maneno hayo yanatoka moyoni, lakini hayamwambii mgeni chochote kuhusu kazi yako.

Muulize badala yake jambo moja dogo linalohusu siku zake za kazi. Kijana wetu alimuuliza mwenye duka hivi: "Mama, tangu tuanze kutumia orodha ya kila wiki, ni kitu gani unakifanya sasa ambacho zamani hukukifanya?" Jibu lilikuja kwa sauti kwenye WhatsApp, nalo lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza alisema, "Siku hizi hakuna kabisa dawa inayoisha muda dukani kwangu." Kisha akaongeza, "Kila Jumamosi najua ni boksi zipi nizitangulize mbele." Yaandike maneno kama hayo neno kwa neno siku hiyohiyo, maana baada ya wiki mbili kumbukumbu yako itakuwa imekwisha kuyapamba.

Hatua ya 2: Ipime namba kabla hujaipenda

Hapa ndipo chumvi nyingi huingia, na mara nyingi anayeitia hajui kwamba anaitia. Daftari la kijana wetu linaonesha kwamba katika hesabu ya kwanza, mwishoni mwa mwezi wa Januari, zilitolewa rafuni bidhaa zilizokwisha muda zenye thamani ya shilingi 412,000. Katika miezi sita iliyofuata, kuanzia Februari hadi Julai, bidhaa zilizokwisha muda zilikuwa za shilingi 46,000. Akichukua kikokotoo, atapata kwamba hasara imepungua kwa asilimia 89, na mkono utamwasha kuandika hivyo.

Asiandike. Zile shilingi 412,000 hazikuwa hasara ya miezi sita, bali ni mali iliyorundikana nyuma ya rafu kwa muda mrefu. Boksi kongwe kuliko zote lilikuwa limekwisha muda miezi 18 kabla ya hesabu. Ukigawa 412,000 kwa miezi 18 unapata takriban shilingi 22,900 kwa mwezi, na ukigawa 46,000 kwa miezi sita unapata takriban shilingi 7,700 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo hasara imeshuka na kubaki theluthi moja, yaani imepungua kwa asilimia 66 hivi. Hata hiyo si namba ya kuapia, kwa kuwa hatujui mwenye duka alitupa boksi ngapi katika kipindi hicho bila kuziandika popote. Kwa hiyo asilimia zote mbili zinaachwa, na kinachobaki ni yale mambo mawili yaliyohesabiwa kwa mkono, kila moja likiwa na kipindi chake: kiasi kilichokutwa siku ya kwanza na muda kilichorundikana, kisha kiasi cha miezi sita iliyofuata. Msomaji ataona mwenyewe kwamba kuna nafuu, na hataona kwamba unamvuta.

Jambo la pili la kupima ni chanzo cha nafuu. Katika duka hilohilo, mwezi wa Aprili muuzaji wa jumla alianza kukubali kurudishiwa boksi ambazo zimebakiza miezi mitatu kabla ya kwisha muda. Orodha ya kila wiki ilisaidia boksi hizo zionekane mapema, lakini bila muuzaji wa jumla kukubali, baadhi zingeishia kutupwa. Mtoa huduma mwaminifu analitaja jambo hilo kwa maneno machache. Wanaoanza huogopa kwamba kulitaja kutapunguza nguvu ya ujumbe, na mimi naona kinyume chake: mwenye duka anayepokea ujumbe anaijua biashara ya dawa kuliko wewe, na akisoma matokeo yasiyo na msaada wa mtu mwingine yeyote atajua kuna kitu kimefichwa.

Tahadhari: jihadhari na maneno madogo yanayokuza namba bila kuigusa. "Hadi" ni mojawapo, kwa kuwa "hasara hupungua hadi asilimia 66" hugeuza tukio la duka moja likawa ahadi kwa maduka yote. "Zaidi ya" ni jingine, hasa pale mtu anapokuwa na wateja watatu akaandika "zaidi ya wateja wawili". Na wingi wa "wateja wetu", wakati mteja ni mmoja, ni uongo wa wazi hata kama umeandikwa kwa adabu.

Hatua ya 3: Omba ridhaa ukiwa umeshika sentensi yenyewe

Kumuuliza mteja, "Naweza kukutaja?" hakutoshi, kwa sababu anapokubali hajui anakubali nini. Mtumie sentensi kamili utakayoitumia, mwambie utawatumia watu wa aina gani, na umpe nafasi ya kukataa kila kipande peke yake: jina, mahali, namba na maneno yake.

Katika mfano wetu ridhaa ina uzito wa pekee. Namba inayomfanya mtoa huduma aonekane hodari ndiyo hiyohiyo inayomfanya mwenye duka aonekane mzembe, kwa kuwa inasema kwamba bidhaa zilizokwisha muda zilikuwa dukani mwake kwa zaidi ya mwaka. Maduka ya dawa hukaguliwa, na bidhaa zilizokwisha muda ni miongoni mwa mambo ambayo mkaguzi huyatafuta. Mwenye duka huyo akitajwa kwa jina mbele ya washindani wake wa mtaa uleule, umemlipa wema kwa ubaya. Ndiyo maana mimi hupendekeza kanuni hii: kila matokeo yanayofichua udhaifu wa zamani wa mteja yatumike bila jina, hata kama mteja mwenyewe amesema hana neno.

Kuficha jina nako kunataka akili. Ukiandika "duka la dawa lililo karibu na stendi", na karibu na stendi lipo duka moja tu, hujaficha kitu. Taja eneo pana kiasi kwamba maduka mengi yanaingia ndani yake, au taja ukubwa wa duka na uache mahali.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Mwaka 2023 ukumbi mmoja wa burudani jijini Nairobi uliamriwa kulipa shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa hiyo ile tabia ya kupiga picha ya skrini ya mazungumzo ya WhatsApp na kuisambaza, ikiwa na jina, picha na namba ya simu ya mteja pale juu, iachwe kabisa.

Ujumbe wa kuomba ridhaa unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Mama. Ningependa kuwaandikia wenye maduka ya dawa wachache wa Temeke na Kigamboni na kuwaeleza kazi tuliyoifanya. Jina lako na mtaa wako sitavitaja. Nitasema kwamba hesabu ya kwanza ilikuta bidhaa zilizokwisha muda za shilingi 412,000, kwamba miezi sita iliyofuata zilikuwa za shilingi 46,000, na nitanukuu maneno yako: 'Kila Jumamosi najua ni boksi zipi nizitangulize mbele.' Kama kuna lolote hapo hupendi litoke, niambie nilitoe. Na ukibadili mawazo baadaye, nitaacha kulitumia."

Subiri jibu, kwa maana ukimya si ridhaa. Jibu likija, lihifadhi.

Hatua ya 4: Andika sentensi ambayo wewe si shujaa wake

Katika Kiswahili majigambo hukaa kwenye kiambishi cha mwanzo cha kitenzi. Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Nililiokoa duka moja kutoka kwenye hasara kubwa sana." Ya pili: "Duka moja ninalolihudumia lilikuta, katika hesabu ya kwanza, bidhaa zilizokwisha muda za shilingi 412,000 zilizorundikana kwa zaidi ya mwaka, katika miezi sita iliyofuata zilikuwa za shilingi 46,000." Katika ya kwanza mtenda ni wewe, na kitenzi ni cha zimamoto. Katika ya pili mtenda ni duka, na wewe umeingia mara moja tu, kwenye "ninalolihudumia", ambako inatosha kabisa kuonesha kwamba ulikuwepo.

Ukimaliza kuandika, pitia rasimu yako na ufute "sana", "kabisa", "ajabu" na "kwa muda mfupi tu". Kisha angalia nukuu. Unaruhusiwa kuifupisha kwa kuacha sehemu nzima, lakini huruhusiwi kuongeza neno wala kuunganisha sentensi mbili alizozisema siku tofauti zikaonekana moja. Makosa ya tahajia yasahihishe. Lafudhi na namna yake ya kusema iache, kwani nukuu iliyonyooshwa mno husomeka kama tangazo la redio na hakuna anayeamini kwamba mtu wa dukani alisema hivyo.

Sasa turudi kwenye ile kauli ya kwanza ya Mama, "hakuna kabisa dawa inayoisha muda dukani kwangu." Ni maneno yake halisi, aliyasema kwa furaha, na yanavutia kuliko yale mengine. Lakini daftari linasema bidhaa za shilingi 46,000 zilikwisha muda. Ukiinukuu kauli ambayo wewe unajua si kweli, umedanganya kwa mdomo wa mwenzako. Kijana wetu aliiacha, akatumia kauli ya Jumamosi, ambayo haina namba ila inaonesha kitu anachoweza kukiona mtu yeyote atakayeingia dukani siku hiyo.

Hatua ya 5: Ipe sentensi hiyo mahali pake katika ujumbe

Ushuhuda usiwe mlango wa ujumbe. Anayeanza na sifa zake humfanya msomaji akumbuke kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Anza kwa salamu na sababu ya kumwandikia huyo mmoja, kisha weka matokeo, kisha nukuu, na umalizie kwa ombi dogo. Ujumbe kamili ni huu:

"Habari za kazi, Mama. Namba yako nimepewa na muuzaji wa jumla unayenunua kwake, aliyeniambia unataka kuhesabu mali kabla ya mwisho wa mwaka. Kazi yangu ni kuhesabu na kupanga stoku ya maduka ya dawa. Duka moja la ukubwa kama wako ninalolihudumia lilikuta, katika hesabu ya kwanza, bidhaa zilizokwisha muda za shilingi 412,000 zilizorundikana kwa zaidi ya mwaka. Katika miezi sita iliyofuata zilikuwa za shilingi 46,000, na sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na muuzaji wake wa jumla kuanza kupokea marejesho. Mwenye duka anasema: 'Kila Jumamosi najua ni boksi zipi nizitangulize mbele.' Kwako hali inaweza kuwa tofauti. Ukipenda, niambie saa ambayo duka halina wateja wengi, nipite kwa dakika 20 nikuoneshe daftari lilivyo."

Sentensi ya "Kwako hali inaweza kuwa tofauti" si ya kujihami. Duka linalouza haraka na kununua kidogokidogo huenda lina bidhaa chache sana zilizokwisha muda, na mwenye duka wa aina hiyo akiona umeliacha jambo hilo wazi hatahisi kwamba umemtuhumu kabla hujaingia kwake.

Tahadhari kuhusu ujumbe mfupi wa simu: ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160 tu, na unapolazimika kubana maneno, vitu vinavyokatwa kwanza ni kipindi, chanzo na muuzaji wa jumla. Kinachobaki ni "kutoka 412,000 hadi 46,000", yaani ileile asilimia 89 tuliyoikataa, ikiwa imerudi kwa mlango wa nyuma. Nafasi ikiwa ndogo, acha namba zote na utume nukuu peke yake.

Hatua ya 6: Tuma kwa wachache na utunze kumbukumbu

Anza na watu watano au sita. Andika kwenye daftari nani ametumiwa sentensi ipi na lini, ili mteja wako akiondoa ridhaa ujue mahali pa kuacha. Kila baada ya miezi mitatu rudia kuipima namba, kwa sababu matokeo ya Februari hadi Julai yakiendelea kutumwa mwaka wa pili bila tarehe, huku duka limekwisha kurudia hali ya zamani, yamegeuka uongo yenyewe bila wewe kubadili neno.

Mambo yakikwama

*Anayepokea anauliza: "Ni duka gani hilo?"* Usimtaje mteja ili tu uaminike. Mjibu kwamba mwenye duka hakutaka jina lake litumike, na kwamba utamuuliza kama yuko tayari kuzungumza naye. Kisha muulize mteja, na akikubali, mwache yeye apige simu. Ukijibu kwa wepesi kwamba ni duka fulani la mtaa fulani, huyo aliyekuuliza amejua pia jinsi utakavyozitunza siri zake.

*Mteja amesifu mno na hataki kupunguza.* Mshukuru, na usiitumie sehemu hiyo. Unaweza kumwonesha daftari na kumuuliza kama angependa kulisema upya jambo lilelile kwa namba zilizopo, lakini usimwandikie maneno halafu umwombe ayaidhinishe kama yake.

*Mteja pekee uliyenaye ni ndugu au rafiki.* Sema hivyo katika ujumbe wenyewe: "duka la shangazi yangu". Maneno hayo manne hayaharibu ushuhuda, ila yakifichwa na kugunduliwa baadaye yanaua kila kitu. Usimnukuu kuhusu tabia yako. Tumia tu kile kilichohesabiwa.

*Ulimhudumia bure au kwa punguzo ili upate maoni yake.* Litaje pia, kwa kifupi, mwishoni mwa nukuu.

*Hakuna anayejibu.* Kabla hujaanza kuiongezea nguvu ile namba, soma upya sentensi yako ya kwanza, ile ya sababu ya kumwandikia mtu huyo. Mara nyingi tatizo liko pale: ujumbe ungeweza kutumwa kwa mtu yeyote, naye ameona. Ibadilishe hiyo, uache matokeo yalivyo, na ujaribu kwa watu watano wengine.

*Mteja ameacha huduma yako.* Nukuu aliyoitoa akiwa mteja bado ni ya kweli kwa kipindi kile, lakini "ninalolihudumia" si kweli tena. Andika "nililolihudumia kuanzia Februari hadi Julai", na kabla ya kuituma muulize tena kama bado anaridhia, kwa kuwa ridhaa aliyoitoa mliposhirikiana huenda imekwenda na ushirikiano wenyewe.